Tairi la lori: lipi livishwe upya, lipi litupwe, na kwa nini ritredi haiendi mbele

Wakuu, mwezi uliopita tulishusha matairi 8 ya difu, yani ekseli za nyuma zinazovuta, kwenye kichwa kimoja hapa Kizota, Dodoma, yote 315/80R22.5, kashata, ule mpira wa juu wenye meno unaokanyaga barabara, zimebaki kama milimita 4 hivi, na mzee mwenye gari akaja na hesabu yake ameshaipiga njiani. Anataka yote 8 yavishwe upya, 6 yarudi difu, na mawili mazuri kuliko yote yafungwe mbele kwenye steling ili asinunue mapya. Nikamwambia mzee shikamoo, kaa kwanza tuyakague. Tulikaa mpaka jioni. Naandika hapa nilichomuonesha maana maswali yake ndo yale yale ninayoulizwa kila siku na wenye gari za mahindi Kibaigwa na za alizeti za Singida.

Kwanza tuelewane, ritredi, yani tairi lililovishwa upya, sio kashata. Kashata mpya ni mpira tu, unabandikwa na kupikwa, mpira wenyewe ukitoka kiwandani uko sawa. Kinachobeba mzigo ni lile gamba la zamani, yani waya za ubavuni, mikanda ya waya chini ya kashata na mdomo unaokaa kwenye rimu, sasa kama gamba limeshachoka ukilivisha umelivalisha suti mgonjwa. Kwa hiyo ukaguzi wote ni kuuliza gamba hili limeishije maisha yake ya kwanza, na tairi lenyewe linasema kama unajua pa kuangalia.

Vifaa ni vya kawaida: taa yenye mwanga mkali, chaki, kipimo cha kashata, kitambaa na mikono yako. Tairi litolewe kwenye rimu na lioshwe ndani na nje, usikague tairi lenye tope la Bahi halafu useme liko poa. Soma pia namba ya DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho, mfano 3216 ni wiki ya 32 ya mwaka 2016. Sisi gamba likizidi miaka 7 hatupeleki hata kama linang'aa, jua la huku linakausha mpira na ubavu unaanza kupasuka vimistari vidogo.

Dalili: ndani kuna mikunjo, au unga mweusi kama majani ya chai

Hii ndo ninaanza nayo kila siku maana ndo inayoua watu. Tairi namba 3 lilikuwa la ndani kwenye jozi ya upande wa kushoto, nje ukilitazama safi kabisa, kashata zimeisha sawasawa, mzee akalipiga teke akasema hili ndo la steling. Nikamulika ndani. Pale kati ya bega na ubavu kuna mstari unazunguka tairi zima, ngozi ya ndani imekunjamana kama ngozi ya kiwiko, rangi imebadilika inaelekea bluu, na chini nikakusanya kiganjani unga wa mpira. Nikamuita dereva.

"Kijana, hili lilitembea na upepo kidogo?"

"Kaka, lilikuwa na pancha ndogo ya kuchuja, tulitoka nalo Manyoni, si la ndani bwana, hata nozeli huifikii vizuri. Tulipofika hapa nikapima ikasoma 70."

Hilo tairi tunalijaza psi 110. Sheria ya mafundi wa matairi ni kwamba likishuka chini ya asilimia 80 ya upepo wake na likatembea na mzigo, lihesabu kama limetembea bila upepo. Asilimia 80 ya 110 ni 88, hilo lilikuwa 70, na ni zaidi ya kilomita 100 toka Manyoni hadi Dodoma. Kinachotokea ni hivi, upepo ukipungua ubavu unakunjika na kukunjuka kila mzunguko, na waya za ubavuni ni waya kweli, chukua kipande cha waya ukikunje huku na huku mara nyingi si kinakatika? Basi hivyo hivyo. Zinakatika moja moja ndani ya mpira, nje huoni kitu. Halafu siku moja liko gereji fundi pancha analijaza, waya zilizobaki zinashindwa, inakatika moja, ya pili, ya tatu, kwa mstari, ubavu unafunguka kama zipu ya begi kwa mshindo ambao ukisimama mbele yake huna bahati. Sio hadithi, ndo maana tairi la lori hujazwa ndani ya kizimba cha chuma, fundi amesimama pembeni na mpira mrefu, sio amelipigia goti.

Kwa hiyo tairi likionesha mikunjo hiyo ndani, au ubavu ukiupapasa unasikia mawimbi mawimbi na sehemu laini kuliko nyingine, hakuna kuvisha, hakuna kuziba, hakuna kuliuza kwa mtu wa tela. Tulilitoboa ubavuni kwa grainda hapo hapo ili asije mtu akaliokota. Mzee hakufurahi, alisema ningeliuza hata kwa mtu wa mkokoteni wa ng'ombe. Mkokoteni sawa, lakini nani atahakikisha linaishia huko.

Na mlaumu geji kabla ya kumlaumu dereva, maana la ndani halipimwi mpaka liishe. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, sio saa nane mchana umetoka barabarani, hapo upepo umepanda kwa joto na geji itakudanganya kwamba liko sawa.

Dalili: bega limevimba, au kashata imeisha sehemu moja tu kama imeng'atwa

Hapa pita na kiganja polepole kuzunguka bega, mkono unasikia kabla ya jicho. Uvimbe kama nusu yai ina maana mikanda ya waya imeanza kuachana na mpira na kuna nafasi katikati. Sababu kwetu huku mara nyingi ni mawe. Gari inaingia mashambani kufuata mzigo, kokoto kali inang'ang'ania katikati ya kashata, inachimba kidogo kidogo mpaka inafika kwenye waya, masika yanakuja maji yanaingia kwa hicho kitundu, waya zinaota kutu, na kutu ikishafika mpira hauwezi kushika tena. Ukiona kutu ya rangi ya chungwa ndani ya kidonda kilichochimbwa na jawe, usijidanganye kwamba ni kidonda tu.

Shida ni kwamba kuachana kwa ndani kabisa huwezi kukuona wala kukupapasa. Wapo mafundi wanagonga na nyundo wanasikiliza mlio, sawa, inasaidia pale palipooza sana, ila mimi nyundo siiamini peke yake. Kiwanda kizuri kina mashine ambayo tairi linawekwa ndani, hewa inavutwa, na leza inapiga picha ya ngozi ya tairi kabla na baada. Palipo na nafasi ndani pananyanyuka kidogo sana hewa inapotolewa na picha inaonesha doa. Namba 6 letu lilipita kwa macho yangu, lilipita kwa mkono, na kule likaanguka kwenye hiyo mashine, doa la upana kama kiganja ukingoni mwa mkanda. Nilikuwa nimeshaliandikia chaki ZURI. Kwa hiyo unapochagua pa kupeleka uliza swali moja tu, mna mashine ya kuona ndani au mnatumia macho? Akianza kukueleza uzoefu wa miaka mingapi, chukua tairi zako.

Dalili: mdomo mgumu, unameguka kama ukoko

Hii ni ya breki. Anayekwenda Nzega na Isaka anaujua Mlima Sekenke. Ukishuka pale umekanyaga breki badala ya gia, dramu linapata moto, moto unapita kwenye rimu unaingia kwenye mdomo wa tairi, mpira wa pale unapikwa unakauka. Breki inayoshika upande mmoja bila kuachia inafanya vile vile hata tambarare. Tairi namba 7 mdomo wa upande wa dramu ulikuwa umepasuka mistari ya kuzunguka, nikaubonyeza kwa ncha ya bisibisi ukameguka kipande. Nje ya hapo tairi lote zima. Likatupwa.

Mdomo uliochubuka juu juu tu kwa chuma cha kufungulia, mpira pekee, hutengenezwa. Ila waya za mdomo zikionekana, zimekatika au zimepinda, hapo hakuna fundi. Na kwa namba 7 dawa haikuwa kwenye tairi, tulifungua ile hab tukakuta springi ya kurudisha breki imechoka. Ungefunga ritredi pale bila kugusa breki ungerudi miezi miwili ukisema ritredi ni takataka.

Dalili: matundu

Misumari na miiba ya migunga haiui gamba yenyewe, kinachoua ni jinsi lilivyozibwa. Tundu likiwa katikati, eneo la kashata, na halizidi kama milimita 10, linazibwa vizuri tu na tairi linavishwa. Likiwa kubwa zaidi linahitaji kiraka kikubwa chenye nyuzi, na kila kiwanda kina kikomo chake cha ukubwa na idadi. Ubavuni mambo ni magumu zaidi na karibu na mdomo ni hapana.

Ila zile kamba za pancha zinazosukumwa kutoka nje bila kulitoa tairi kwenye rimu, hizo ni za kukufikisha mjini. Kamba inazuia upepo usitoke, haizuii unyevu na upepo kupenya pembeni yake kuingia kwenye waya. Namba 2 lilikuwa na kamba mbili, tukazitoa, bahati nzuri waya zilikuwa bado zinang'aa, likazibwa kwa uyoga wa mpira kutokea ndani likapona. Kiwandani wanapitisha mnyororo wenye umeme mkali ndani ya tairi, palipo na tundu hata la sindano cheche inaruka, ndo unagundua miiba ambayo hukuwahi kujua umeikanyaga.

Dalili: waya zinaonekana juu

Hili fupi. Ukisubiri kashata ziwe kipara mpaka waya zitokeze umelila gamba lako mwenyewe. Shusha kwenye milimita 4 hivi, zile milimita mbili unazotaka kuzimalizia ndo zinazokinga mikanda na mawe. Yale 8 yalishushwa kwa wakati, hilo nampa mzee pongezi.

Dalili: ritredi imefungwa, halafu imevuka ngozi

Hizi ndo zile ngozi za mamba mnazoziona zimelala pembeni ya barabara kuanzia Gairo mpaka huku. Kila mtu anasema ritredi mbovu. Kabla hujasema rudi ukaiokote ile ngozi, ugeuze upande wa chini. Ukikuta ni mpira mtupu, laini, umeachia vizuri bila kuchanika, basi gundi au upishi wa kiwandani ulifeli, beba hiyo ngozi uende nayo kwao wakulipe. Ukikuta imeondoka na waya zake zimechomoza kama ndevu, kashata haikuachia, lililovunjika ni gamba, na hapo ama lilikubaliwa wakati lilikuwa limeoza ama wewe umelitembeza bila upepo. Angalia pia lile lililobaki kwenye rimu, ubavu ukiwa umesagika na kuungua jibu ni upepo. Na ngozi nyingi za barabarani sio za ritredi peke yake. Wamarekani waliokota vipande hivyo wakavipima maabara, ripoti ikatoka 2008, na ritredi hazikuonekana kuzidi sehemu yake, vilivyojitokeza sana ni vitu vya barabarani na utunzaji mbaya. Tairi jipya nalo likikosa upepo linavuka ngozi.

Sasa liende wapi, difu, tela au mbele?

Mzee alining'ang'ania hapa. "Kijana wangu, hata ndege zinatua na matairi yaliyovishwa, mimi na fuso la mahindi nani?" Kweli, ndege zinavisha. Lakini tairi la ndege lina kumbukumbu yake toka siku ya kwanza, limevishwa mara ngapi, limetua mara ngapi, na upepo wake unapimwa kila siku. La kwako lilitoka Manyoni na 70.

Sababu ya kuogopa mbele ni moja. Kule kuna tairi moja kila upande. Difu na tela yako mawili mawili, moja likipasuka mwenzake anashika mzigo mpaka usimame, dereva anasikia mshindo na mtikisiko. Mbele likipasuka ekseli inaangukia upande huo, steling inavutwa mkononi, na uko 80 na tani zako nyuma na bodaboda pembeni. Marekani basi la abiria limekatazwa na sheria kufunga ritredi magurudumu ya mbele, malori hayajakatazwa lakini wenye malori wengi wa safari ndefu wenyewe hawafungi. Wapo wanaofunga mbele, magari ya taka na mengine ya mjini yanayokwenda polepole, na hapo gamba ni lao wenyewe, limevishwa mara ya kwanza, halina kiraka hata kimoja, limepita kwenye mashine na limevishwa kashata za mistari. Gamba la kuokota sokoni usilijue lilikotoka, mbele kamwe.

Difu ndo nyumbani kwa ritredi. Kule inahitajika kashata ndefu yenye meno ya kuvuta, kiwanda kinakupa yenye kina kizuri, na gari haitegemei tairi moja. Tela nalo linafaa, ila ekseli tatu zikikata kona kwenye yadi finyu zinaburuza matairi kwa ubavu, kwa hiyo tela chagua kashata ya mistari isiyo na kina kirefu, yenye meno marefu itachanika.

Kwa hiyo nikamgeuzia mzee hesabu yake. Badala ya kutoa nyuma kupeleka mbele, tutoe mbele kupeleka nyuma. Yale mawili ya steling yalikuwa na milimita 5, hayajawahi pancha, hayajawahi kuvishwa, upepo wake unapimwa kila siku kwa sababu dereva anayaona. Hakuna magamba bora kuliko hayo kwenye gari nzima. Tukanunua mapya mawili ya mbele, yale ya zamani yakapanda lori lililokuwa linashuka Dar pamoja na yale ya difu, yaliyopita ukaguzi yakavishwa kashata ya difu. Kati ya 8 yalipona 5, kuongeza 2 ya mbele ni 7, moja tukalinunua kule kule limeshavishwa.

Na hilo la kununua ndo lililotusumbua. Size ile ile, kashata ile ile, lakini gamba la kampuni nyingine. Nikazungusha tepu katikati ya kashata kwa kila tairi likiwa limejazwa, yale 7 yalipishana chini ya sentimita 1, hili likazidi kwa sentimita 4. Mzunguko wa sentimita 4 ni kama milimita 13 za kipenyo, na mimi yanayokaa pamoja sitaki yapishane zaidi ya milimita 6, yani kama sentimita 2 kwenye tepu. Ukiyafunga hivyo kubwa linabeba mzigo wa mwenzake na kupata moto, dogo linaburuzwa linaisha upesi, na mwenye gari atakuja kusema ritredi ile ilikuwa mbovu. Dereva akasema tupunguze upepo la kubwa lilingane. Nikamtazama tu, akaelewa, maana unga wa namba 3 ulikuwa bado uko juu ya meza. Likarudi Dar, wiki iliyofuata wakatuletea lingine limepungua milimita 8 tu kwenye tepu, nikalifunga la nje upande wa kulia, nje ili nozeli yake ifikike, na yote manne ya ndani tukayawekea nozeli ndefu.